Kiwanda cha huyu, mshahara wa yule: mkataba wa wakala hapa Njiro unasomwaje?

#1 BintiMeru
Habari wakuu. Mdogo wangu wa kiume kapata kazi kwenye kiwanda kimoja eneo la viwanda Njiro, Arusha, upande wa mashine za kufungasha. Aliyemsaili ni msimamizi wa kiwanda, zamu zinapangwa na kiwanda, na mashine bila shaka ni za kiwanda. Ila mkataba aliopewa una nembo ya kampuni nyingine kabisa, ofisi yake iko Moshi, na hiyo ndiyo itakayomlipa. Mshahara 350,000 kwa mwezi, siku sita kwa wiki. Jumatatu anatakiwa kuurudisha ukiwa na sahihi.

Vifungu viwili vimeninyima usingizi. Navinakili kama vilivyo:

"6. Mkataba huu ni wa miezi mitatu na utaweza kuhuishwa. Utakoma wenyewe siku mkataba wa huduma kati ya Kampuni na Mteja utakapokoma."

"11. Mteja ana haki ya kumkataa Mfanyakazi wakati wowote bila kutoa sababu. Mfanyakazi akikataliwa, Kampuni haitawajibika kwa malipo yoyote."

Mwajiri wa huyu dogo ni nani? Na hivi vifungu vina nguvu kweli au ni vya kutisha watu?

#2 ChaliiWaSakina
Dada mwambie asaini. Chuga hii ukianza kusoma vifungu, mwenzio aliye nyuma yako kwenye foleni anasaini bila kusoma.

#3 MamaNtilieStendi
Mwanangu hao mawakala muwaogope. Binti wa jirani yangu alipelekwa Omani, pasi ya kusafiria ikachukuliwa na tajiri. Hakikisha ubalozi una taarifa zake kabla hajaondoka.

#4 ChaliiWaSakina
Mama, anakwenda Njiro. Anapanda kifodi kimoja tu.

#5 MangiWaKiboriloni
Mjadala mfupi huu. Serikali ilipiga marufuku mambo haya mwaka 2014. Wakala haruhusiwi kuajiri mtu kisha akamkodisha kwa mwingine, kazi yake ni kuunganisha tu mwenye kazi na mtafuta kazi. Kwa hiyo huo mkataba ni karatasi tupu, mwajiri ni kiwanda. Dogo asaini, akionewa aende CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi, ashitaki kiwanda peke yake. Kwisha.

#6 KatibuTawi
Mangi, nusu ya maneno yako ni kweli na nusu itampoteza dogo.

Katazo la 2014 lipo, na liliwagusa mawakala wa ajira. Lakini mawakala wale hawakufunga ofisi. Wengi walibadili jina la biashara, wakawa "watoa huduma": huduma ya usafi, ya ulinzi, ya kupakia mizigo, ya kufungasha. Kampuni kumpa kampuni nyingine kazi ya kufanya si kosa. Kwa hiyo kila mara swali linakuja kuwa hili: je, huyu wa Moshi anafanya kazi ya kufungasha, au anapeleka watu tu?

Mimi nimekaa kwenye kamati za wafanyakazi viwandani muda mrefu, na huwa naangalia mambo matatu. Kwanza, je, kampuni ya wakala ina msimamizi wake ndani ya kiwanda anayetoa amri, au huwa anakuja siku ya kugawa hati za mshahara tu? Pili, vifaa ni vya nani? Tatu, na hili watu hawaliulizi, kiwanda kinamlipa wakala kwa hesabu gani? Akilipwa kwa tani au kwa katoni zilizofungashwa, hapo kuna huduma. Akilipwa kwa vichwa na siku walizokuja, hapo anauza watu, aiite atakavyo.

Kwa maelezo ya BintiMeru, msimamizi wa kiwanda ndiye aliyesaili. Hiyo ni dalili kubwa. Lakini dalili haifanyi mkataba uwe karatasi tupu. Kampuni ya Moshi imeandika jina lake kama mwajiri, itakata NSSF kwa jina lake, na mbele ya CMA ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ukishitaki kiwanda peke yake, kiwanda kitatoa huo mkataba na kusema "huyu simfahamu", na wewe muda wako unakimbia.

#7 MangiWaKiboriloni
Sheria ya Taasisi za Kazi kifungu cha 61 kinasema mtu anahesabika mwajiriwa kama namna anavyofanya kazi, au saa zake, ziko chini ya amri ya mtu mwingine. Au kama amemfanyia kazi huyo mtu wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Au akipewa vifaa na huyo mtu. Sifa moja tu inatosha. Dogo akianza kazi atakuwa nazo zote, na zote zinaelekea kiwandani. Sasa unabisha nini katibu?

#8 KatibuTawi
Sibishi kifungu. Nabisha unavyokitumia. Kile kiliwekwa kumkamata bosi anayesema "huyu si mwajiriwa, ni kibarua wa kujitegemea". Hapa hakuna anayekataa kuwa dogo ni mwajiriwa, wanabishania ni wa nani. Nimeona wasuluhishi wakikitumia kuivuta kampuni yenye eneo la kazi, na nimeona wengine wakisema mkataba ulioandikwa unatosha. Usimpe mtu uhakika ambao hata sisi tunaoshinda huko hatuna.

#9 AskariZamuUsiku
Naomba niseme ya kwangu. Nililinda ghala moja hapa mjini miaka kadhaa. Ghala lilikuwa la kampuni moja, mimi nalipwa na kampuni ya ulinzi. Kila mwezi kwenye hati ya mshahara NSSF imekatwa. Nilipoenda kuangalia taarifa ya michango yangu, kuna miezi imejaa, halafu pengo, halafu imejaa tena. Nikamwuliza bosi akasema "mteja hajalipa". Nikaenda kwa mwenye ghala, akasema yeye kalipa kila kitu, nimwulize bosi wangu. Wote walikuwa wakinipigia simu kwa heshima kabisa.

Halafu tenda ikaenda kwa kampuni nyingine. Lindo lile lile, meza ile ile, daftari lile lile. Nikaambiwa nisaini na wapya. Miaka yangu ikaanza upya.

#10 BintiMeru
Pole kaka. Na kiinua mgongo cha ile kampuni ya kwanza ulipewa?

#11 AskariZamuUsiku
Nilipewa barua ya shukrani. Ina mhuri.

#12 KatibuTawi
#9 kaeleza kitu ambacho kifungu cha 6 cha dogo kimekitengenezea njia. Malipo ya kuachishwa kazi kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka 10, na lazima uwe umetimiza angalau miezi 12 mfululizo kwa *mwajiri huyo*. Kampuni ikibadilika, mwajiri amebadilika. Aliyeondoka ndiye anayedaiwa ya nyuma, pamoja na likizo isiyochukuliwa na hati ya utumishi. Watu wanasaini na mpya siku hiyo hiyo, wanaona kazi imeendelea, hawadai. Siku wanakuja kukumbuka, muda wa kufungua shauri umepita na ile kampuni ya zamani imehama hadi ofisi.

Angalia na hiyo miezi mitatu. Ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo haki haumgusi mtu mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Sheria inasema wazi kwamba mikataba zaidi ya mmoja inajumlishwa, kwa hiyo mitatu mara mbili ni sita, hawezi kukwepa hapo. Anachoweza kufanya mjanja ni kubadilisha jina la kampuni kwenye mkataba wa pili. Dogo akiletewa kuhuisha, asome jina la juu kabla ya kusoma mshahara.

#13 Wakili_Mtarajiwa
Naongezea kidogo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, mkataba wa muda maalumu uliwekwa kwa ajili ya wataalamu na kada ya menejimenti. Mtu wa mashine ya kufungasha hayumo. Kwa hiyo kifungu cha 6 kinapingika moja kwa moja, dogo ana mkataba usio na ukomo.

#14 KatibuTawi
Mwanafunzi, marekebisho ya 2025 yamepanua mazingira ya mikataba ya muda maalumu. Usimpeleke dogo na kitabu cha zamani. Hoja yako bado inaweza kusimama kutegemea kwa nini wamempa miezi mitatu, lakini si "moja kwa moja".

#15 MhasibuPembeniYaBarabara
Jamani mnazungumzia sheria, mimi niwape hesabu, maana mkataba wa namna hii unaupima kwa bei. Niliwahi kushika vitabu vya kampuni ya aina hii. BintiMeru, mdogo wako anaweza kujua kiwanda kinamlipa wakala kiasi gani kwa kichwa?

#16 BintiMeru
Kuna binti yuko stoo pale kaona ankara. Anasema ni 495,600 kwa mtu kwa mwezi.

#17 ChaliiWaSakina
Weeee! 495,600 kutoa 350,000 ni 145,600! Kwa kila kichwa! Watu 40 huyu mangi wa Moshi anajenga ghorofa huku amelala. Nafungua wakala kesho.

#18 MangiWaKiboriloni
Si kila mtu wa Moshi ni mangi. Endelea mhasibu.

#19 MhasibuPembeniYaBarabara
Chalii tulia. 495,600 ni bei yenye VAT ya 18 kwa mia ndani. Itoe, unabaki na 420,000. Hiyo VAT ni ya TRA, si ya wakala.

Sasa katika 420,000 atoe mshahara 350,000. Mchango wa mwajiri NSSF asilimia 10, ni 35,000. Tozo ya mafunzo ya ufundi, SDL, asilimia 3.5 kwa mwajiri mwenye watu kumi na kuendelea, ni 12,250. WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 1,750. Tumefika 399,000. Kabaki na 21,000 tu.

Hatujamaliza. Dogo ana haki ya likizo ya siku 28 kila mwaka huku analipwa, na mashine haiendi likizo, kwa hiyo wakala lazima amlipe mtu wa kushika nafasi. Ukiigawanya kwa miezi 12 inakuja kama 27,000 kwa mwezi. Zile siku 7 alizosema Katibu: 350,000 gawanya kwa siku 26 za kazi, zidisha kwa 7, ni kama 94,000 kwa mwaka, yaani karibu 7,900 kwa mwezi. Jumla inazidi kidogo 433,000. Na hapo hatujahesabu ofisi, karani wala faida.

Kwa bei ya 420,000, wakala anayetimiza kila kitu anapata hasara ya kama 14,000 kwa kila kichwa. Hakuna anayefanya biashara kwa hasara. Kwa hiyo kuna kitu hakilipwi, mnachotakiwa kujua ni kipi. Kwa uzoefu wangu linaanza likizo, halafu NSSF ya miezi ambayo mteja amechelewa kulipa, halafu siku za ziada. Kile kifungu cha 11 cha "haitawajibika kwa malipo yoyote" mimi nakiona ni mhasibu aliyekiandika, si wakili.

#20 ChaliiWaSakina
Basi siifungui.

#21 MkulimaWaMaua
Mhasibu umeeleza vizuri ila umeweka lawama yote kwa wakala. Mimi nimekaa upande wa pili wa meza, kampuni inayotangaza tenda. Bosi anaambiwa na mkaguzi apunguze idadi ya waajiriwa. Wanakuja wakala watano, anachukuliwa wa bei ya chini. Hakuna aliyeuliza hiyo bei inatosha nini. Mimi nilikuwa naomba mchanganuo wa bei na risiti za NSSF za mwezi uliopita kabla ya kuidhinisha ankara. Wawili waliacha kuleta tenda kwetu. Na maua yetu yaliendelea kufungashwa.

#22 Wakili_Mtarajiwa
Kiwanda kinaweza pia kuwa na sababu halali: msimu. Oda ikipanda unahitaji watu 60, ikishuka 20. Si kila kumpa wakala kazi ni ujanja.

#23 AskariZamuUsiku
Ghala nililolinda halikuwa na msimu. Usiku upo mwaka mzima.

#24 BintiMeru
Nimekupata mhasibu, asante sana. Sasa kifungu cha 11. Akikataliwa ndio basi?

#25 KatibuTawi
Si basi. Kiwanda kinaweza kumwambia wakala "huyu simtaki", hayo ni makubaliano yao wawili. Lakini mkataba wa dogo na wakala haufi kwa neno la mtu wa tatu. Wakala ndiye mwajiri kwa maandishi yake mwenyewe, kwa hiyo lazima awe na sababu halali: ama mwenendo, ama uwezo, ama mahitaji ya uendeshaji. Kama ni mwenendo, amwite kwenye kikao, amweleze kosa, amsikilize. Kama nafasi imekufa, hiyo ni kupunguza wafanyakazi, kuna taarifa na mashauriano, na kabla ya hapo amwangalizie lindo au kiwanda kingine. Hayo ni kwa aliyevuka miezi sita.

Hata asiyevuka hatoki mikono mitupu. Anayelipwa kwa mwezi ana notisi ya siku 28 au malipo yake, ila kama ni ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Ana mshahara wa siku alizofanya. Kifungu cha 11 hakiwezi kufuta haki iliyowekwa na sheria.

Kinachoniumiza ni namna inavyofanyika. Dogo anafika getini, mlinzi anamwambia kadi yake imezimwa. Anampigia wakala, anaambiwa "subiri nyumbani tutakutafutia sehemu". Anasubiri. Hana barua. Shauri la kuachishwa kazi linafunguliwa CMA ndani ya siku 30, na wakala baadaye anasema aliachishwa siku ile ya getini. Kwa hiyo siku hiyo hiyo atume ujumbe wa maandishi, hata wa simu: "Leo nimezuiwa getini, naomba kujua kama bado ni mwajiriwa wenu na nipangiwe kazi wapi." Autunze.

#26 MangiWaKiboriloni
Na fomu ya kufungulia shauri amwandike nani? Maana kwa maelezo yako ni wakala tu.

#27 KatibuTawi
Mimi huwa nashauri CMA F.1 iwaandike wote wawili, wakala na kiwanda, waelezane wenyewe nani mwajiri. Na aifungue Arusha, si Moshi, kwa sababu mgogoro umetokea Arusha. Wakala watamwambia aende ofisi yao.

#28 Wakili_Mtarajiwa
Kuwaandika wawili kuna hatari yake. Mmoja anaweka pingamizi kwamba si mwajiri, mnabishana miezi kuhusu pingamizi badala ya haki. Nimeona mtu kashinda dhidi ya wakala mapema kwa kumwandika peke yake.

#29 KatibuTawi
Alishinda. Alilipwa?

#30 Wakili_Mtarajiwa
Bado wanatafuta mali ya kukamata. Ofisi ilikuwa ya kupanga, na viti pia.

#31 ChaliiWaSakina
Viti vya kukodi hahaha. Hata viti vilikuwa vya wakala.

#32 BintiMeru
Wakuu, mrejesho. Dogo alikwenda kuwauliza maswali matatu: mkataba wao na kiwanda unaisha lini, namba yao ya mwajiri NSSF ni ipi, na kama cha 11 kinaweza kuongezwa maneno "isipokuwa malipo ya kisheria". Namba ya NSSF wametoa bila shida. Maneno wamekubali kuyaongeza kwa kalamu, wakasaini pembeni. Tarehe ya mkataba wao wamekataa, wanasema ni siri ya biashara. Kasaini. Nakala kapewa, nimeipiga picha.

#33 MhasibuPembeniYaBarabara
Vizuri. Baada ya miezi miwili aangalie michango yake mwenyewe, asitegemee hati ya mshahara. Na mwezi wowote atakaoona mstari wa WCF kwenye makato yake, apige kelele. Ule mchango ni wa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti.

#34 MkulimaWaMaua
Tarehe wanayoificha ataijua kwa njia nyingine. Akiona wageni wenye makabrasha wanazungushwa kiwandani na meneja, wanahesabu mashine na watu, hiyo ni tenda mpya.

#35 DadaWaHotelini
Samahani nachelewa kuingia. Mimi ni msafishaji kwenye hoteli ya kitalii hapa mjini, kwenye mkataba niko chini ya kampuni ya usafi. Amri ya kima cha chini inapanga mishahara kwa sekta, na hoteli zina ngazi zake. Mimi nalipwa kwa sekta ipi? Kampuni inasema wao si hoteli. Wenzangu walioajiriwa na hoteli tunasafisha korido moja, wao upande wa kushoto mimi wa kulia, na tofauti ni kubwa.

#36 Wakili_Mtarajiwa
Sekta ya mwajiri. Mwajiri wako ni kampuni ya usafi.

#37 MangiWaKiboriloni
Sekta ya kazi inapofanyika! La sivyo kila hoteli itageuza wahudumu wake kuwa wa "kampuni ya usafi" na ile ngazi ya hoteli haina wa kumlipa.

#38 KatibuTawi
Dada, mkataba wako unasemaje kwenye mahali pa kazi na maelezo ya kazi? Nakili mistari hiyo hapa, na useme nani anakupangia vyumba asubuhi, msimamizi wa hoteli au wa kampuni yako.

#39 DadaWaHotelini
Mahali pa kazi wameandika "popote Mteja atakapoelekeza". Vyumba napangiwa na msimamizi wa hoteli. Wa kampuni yetu anakuja tarehe za mshahara.